Mswaki mara tatu kwa siku na harufu bado ipo: inatoka wapi?

Aliingia akiwa ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, kama mtu anayepita penye vumbi. Mama wa miaka 34, muuza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. "Shikamoo daktari." Sijamaliza kuitikia, tayari alikuwa ameinamisha mkoba na kunipangia bidhaa mezani kama yuko sokoni. Dawa za meno za aina tatu. Chupa ya maji ya kusukutua. Karatasi tupu ya dawa ya minyoo. Kopo la unga wa majani, aliouziwa stendi na kijana mwenye spika kwa ajili ya "kusafisha tumbo". Na vidonge vinne vya omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali ya tumboni, vilivyobaki katika dozi ambayo hakuwahi kuandikiwa na mtu.

"Napiga mswaki mara tatu kwa siku," akasema. "Asubuhi, mchana nikitoka kwenye dagaa, na usiku. Mume wangu bado analala akiangalia ukuta."

Mimi ni tabibu wa meno hapa Mwanza, na mambo mawili matatu nimeyabadilisha asitambulike hata na mwenzake wa meza ya jirani. Nimeichagua hadithi yake kwa sababu ndani yake yamo karibu yote ninayoulizwa kuhusu kunuka mdomo: kwamba ni uchafu, kwamba ni tumbo, kwamba ni minyoo, kwamba akate kimeo yaishe. Yeye alikuwa msafi kuliko wengi wetu, na ndiyo maana aliumia zaidi. Mtu asiyepiga mswaki ukimwambia ananuka anajua pa kuanzia.

Tuanze na harufu yenyewe. Sote tukiamka asubuhi kinywa hunuka, kwa kuwa usiku mate hupungua. Aliyefunga Ramadhani analijua hilo, mchana kinywa kimekauka na pumzi imebadilika, akifuturu mambo yanarudi sawa. Hiyo ni harufu ya kupita. Ninayozungumzia hapa ni ile iliyopo saa nne asubuhi, ipo alasiri, ipo baada ya kula na kusafisha, wiki baada ya wiki.

Mtu wa Mwanza ameshawahi kuinusa bila kujua. Magugu maji yakisukumwa na upepo yakaziba ghuba, yakatulia siku kadhaa, ingiza mti chini yake ukoroge tope. Linalopanda ni harufu ya yai viza. Chini ya yale majani hewa ya oksijeni imekwisha, na vijidudu vinavyoishi bila hewa vinakula mabaki ya mimea na samaki na kutoa gesi zenye salfa. Ziwa lililo wazi, lenye mawimbi, halinuki hivyo hata kama lina takataka.

Kinywani ni habari ileile. Vijidudu visivyotaka hewa vikipata mahali pa kujificha, pakawa na protini ya kula (chembe za chakula, seli zilizokufa, damu, makamasi yaliyoteremka kooni), vinatoa gesi zilezile za salfa. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu mwenye harufu sugu ni hili: kwako wewe, magugu yameziba wapi? Mswaki unapita juu ya maji. Tope liko chini.

Yule mama alinipa dokezo moja bila kujua. Wakati fulani aliharisha, akanunua metronidazoli, vile vidonge vichungu. Tumbo likapona, na siku zilezile harufu ikapotea kabisa. Alifurahi. Baada ya wiki mbili ikarudi, akanunua tena, ikapotea, ikarudi. Kwake huo ulikuwa ushahidi kwamba tatizo ni tumbo. Kwangu ulimaanisha kitu kingine. Dawa ile inaua hasa vijidudu visivyotumia hewa, popote vilipo mwilini, na fizi zikiwemo. Iliviua, lakini shimo vilimokaa likabaki wazi, na wapangaji wapya wakahamia. Ukinunua vidonge hivyo kila mwezi unawafundisha wadudu kuizoea dawa, basi.

Kabla ya kufungua kinywa huwa nahakikisha kwanza harufu ipo. Wapo wanaokuja wakilia na hawana harufu yoyote; mtu alifunika pua mbele yao kwenye hiace miaka mitano iliyopita, kwa sababu zake, na neno likawakaa moyoni. Pua ya mtu huizoea harufu yake mwenyewe, kama muuza dagaa asivyowasikia dagaa wake, kwa hiyo kujipulizia kiganjani hakusaidii. Lamba upande wa ndani wa kifundo cha mkono kwa nyuma ya ulimi, subiri sekunde kama kumi mate yakauke, kisha nusa. Au kwangua nyuma kabisa ya ulimi kwa kijiko na unuse kilichobaki kijikoni. Kipimo bora kuliko vyote ni mtu unayemwamini akwambie ukweli, naye usimwendee mara tu baada ya kula kitunguu.

Kipimo kingine ni cha kutenganisha njia. Nilimwambia abane pua na kupumua taratibu kwa mdomo. Harufu ilikuwepo, kali. Kisha afumbe mdomo apumue kwa pua. Ikawa hafifu sana. Hiyo ilinielekeza kinywani na kooni. Ingekuwa kali kwa pua na hafifu kwa mdomo, ningefikiria pua yenyewe au vile vyumba vya hewa vilivyo nyuma ya mashavu. (Mtoto mdogo anayenuka tundu moja tu la pua, tena linalotoa ute mchafu, mwangalieni kwa tochi. Mara nyingi kuna punje ya harage au shanga aliyoisokomeza wiki iliyopita, na ni ya kutolewa hospitali, msiichokonoe nyumbani.)

Kwa watu wazima wenye harufu sugu, takriban nane au tisa kati ya kumi chanzo chao kiko ndani ya kinywa: ulimi, fizi, au vyote viwili. Koo huchukua sehemu ndogo, tumbo ndogo zaidi. Mtaani mpangilio umegeuzwa juu chini, kila mtu anaanza na tumbo. Mimi naanzia mbele na kurudi nyuma.

Ulimi wake ulikuwa na utando mweupe kule nyuma, si mzito. Alikuwa hajawahi kuusugua, na si peke yake. Hilo lina tiba rahisi: kijiko kilichogeuzwa au kikwangulio cha ulimi, kutoka nyuma kuja mbele, mara nne tano kila usiku, bila kutoa damu. Tukaenda kwenye fizi.

Fizi haijagandishwa kwenye jino kama saruji kwenye nguzo. Juu kabisa, pale zinapokutana, kuna mfereji mwembamba kuzunguka jino zima, kama ukosi wa shati kuzunguka shingo. Kwa mtu mzima wa afya, kina chake ni milimita 1 hadi 3. Tunakipima kwa kijiti chembamba cha chuma chenye alama, tukigusa sehemu sita kwa kila jino, na msaidizi anaandika namba. Haichomi kama ninyi mnavyodhani.

Utando laini unaojijenga kwenye meno usipoondolewa, madini yaliyomo kwenye mate huugeuza kuwa mgumu ndani ya siku chache. Huo ndio ugaga. Wa juu ya fizi ni wa njano au mweupe, na hupenda kukaa nyuma ya meno ya mbele ya chini kwa kuwa mate humwagika hapo. Wa chini ya fizi ni mweusi na huuoni kwenye kioo. Unang'ang'ania mzizi wa jino, fizi inavimba na kuuachia, mfereji unazidi kuwa mrefu. Ukifika milimita 4 na kuendelea tunauita mfuko. Mswaki mzuri katika mkono mzuri huingia chini ya fizi milimita moja au mbili hivi. Mfuko wa milimita 6 kwa hiyo una nusu yake au zaidi ambayo haijawahi kuguswa na kitu chochote, haina hewa, ina damu na seli zilizokufa. Ghuba yenye magugu.

Namba za yule mama zilianza vizuri: 2, 3, 2, 2. Meno ya mbele yote safi, anayasugua vilivyo. Tulipofika magego ya juu kulia, msaidizi akaanza kuandika 5, 6, 5, na kushoto chini 5. Kila nilipogusa hapo, damu. Nikapitisha uzi wa meno kati ya magego mawili na kumpa aunuse mwenyewe. Alirudisha kichwa nyuma kama mtu aliyefungua ndoo iliyosahaulika juani.

"Kumbe hapo," akasema.

"Hapo mojawapo," nikamjibu, maana koo nilikuwa sijaliangalia bado.

Kuhusu fizi kuna mambo matatu ambayo watu wanayaelewa kinyume, na yana madhara. Fizi zikitoa damu wakati wa kupiga mswaki, wengi huacha kusugua hapo "zipumzike", au hununua vitamini. Mahali panapotoa damu ndipo panapohitaji kusuguliwa, taratibu, kwa mswaki laini; damu kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili utando ukiondoka. Ikigoma, kuna ugaga chini na unahitaji mtu wa kuutoa. Pili, mvuta sigara fizi zake huweza kuwa mbovu bila kutoa damu nyingi, kwa sababu sigara hubana mishipa midogo. Anajiona mzima mpaka jino linacheza. Tatu ni lile la kwamba kusafishwa meno hospitali kunalegeza meno. Nalisikia kila wiki. Ukweli ni kwamba ugaga mwingi hushikamana jino kwa jino kama ukuta. Mfupa wa chini ukishaliwa, ule ukuta ndio unaoyashikilia. Tukiutoa, jino linaonyesha ulegevu liliokuwa nao siku zote. Aliyesubiri miaka kumi akaja kusafishwa siku jino linacheza atamlaumu aliyemsafisha, na kwa macho yake ana haki.

Niongeze kwamba fizi zinazogoma kupona baada ya kusafishwa vizuri hunifanya nimtume mtu akapime sukari. Kisukari na ugonjwa wa fizi huchocheana, kila kimoja humharibia mwenzake.

Matibabu ya mifuko yake yalikuwa ya kazi ya mikono: ganzi, kisha kukwangua ugaga ulioko juu ya mizizi, upande mmoja siku hiyo na mwingine wiki iliyofuata. Nikampa maji ya kusukutua ya klorheksidini, mililita 10 asubuhi na jioni, kwa wiki mbili tu. Ukiyazidisha yanapaka meno rangi ya kahawia na kuharibu ladha ya chakula. Na brashi ndogo za kupenyeza katikati ya meno, maana hapo mswaki wa kawaida haufiki hata ukipigwa mara saba kwa siku. Maji ya kusukutua ya dukani yenye pombe nilimwambia ayaweke pembeni. Yanakausha kinywa, na kinywa kikavu hunuka zaidi baada ya saa moja mbili.

Sasa koo. Nilimwambia aseme "aaa", nikashusha ulimi kwa kijiti na kuwasha taa. Hapa inabidi tuelewane kwa majina, kwa sababu mtaani yanachanganywa na matokeo yake yanaweza kuua. Kile kinyama kinachoning'inia katikati, kwa nyuma, ni kimeo. Mafindofindo ni yale matezi mawili, moja kila upande, kulia na kushoto, nyuma ya ulimi. Watu wengi wakisema mafindofindo wanamaanisha ugonjwa wake, koo kuvimba na homa, lakini matezi yenyewe kila mtu anazaliwa nayo.

Uso wa findo si laini. Una vishimo vingi vinavyoingia ndani, kama miamba yetu ya ziwani ilivyo na nyufa. Ukisimama juu ya jiwe pale Capri Point maji yakiwa yamepungua, utaona kwenye kila ufa kumebaki kitu: jani, gamba, kidagaa kilichonasa. Ndani ya vishimo vya findo hunasa chembe za chakula, seli zilizobanduka, ute, na wale wadudu wetu. Vikikaa, vinashindiliana, na chokaa ya kwenye mate huvigandisha kidogo kidogo. Hivyo ndivyo vijiwe vya mafindofindo. Vingi ni vidogo kama punje ya ulezi au mchele, rangi nyeupe au njano, na pengine huwa laini kama jibini kuliko jiwe. Ukikibonyeza kati ya vidole utajua kwa nini mtu anaweza kupiga mswaki mpaka fizi zichubuke na harufu isiondoke.

Kwenye findo lake la kushoto kulikuwa na viwili. Nilipomuuliza kama huwa anakohoa vitu vidogo vyeupe, alinyamaza, kisha akasema ndiyo, tangu miaka miwili. Alidhani ni mabaki ya wali. Alikuwa pia na hisia ya kitu kimekwama upande mmoja, na mara mojamoja sikio la kushoto linavuta, ingawa sikio lenyewe ni zima; koo na sikio wanatumia mishipa ya fahamu ya pamoja. Vijiwe huwapata zaidi watu waliougua koo mara kwa mara, kwa sababu kila uvimbe huacha vishimo virefu zaidi.

Kibaya ni kile alichoshauriwa na shangazi yake: akakate kimeo. Huku kwetu kimeo kimelaumiwa kwa kila kitu, kikohozi cha mtoto, kukonda, kutapika, na sasa kunuka. Wapo wanaokikata kwa kisu nyumbani. Kimeo hakina vishimo vya kuhifadhi vijiwe, kwa hiyo kukikata hakuondoi harufu, ila kunaleta damu isiyokatika, pepopunda, na maambukizi ya damu. Watoto wamekufa kwa hilo.

Vijiwe vyenyewe kwa kawaida si hatari. Kusukutua koo, si kinywa tu, kwa maji ya uvuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi moja, baada ya kula, huvilegeza vingi vikatoka vyenyewe. Unainua kichwa, unayaachia maji yakoroge kooni, unatema. Nilimkataza kuchokonoa kwa kipini au njiti ya kiberiti. Findo lina damu nyingi na limepakana na mishipa mikubwa. Pamba laini ya masikio iliyolowa maji, mbele ya kioo, kwa kusukuma kando ya kishimo, ndio mwisho wa ujasiri wa nyumbani, na mtu anayetapika haraka asijaribu hata hiyo. Kuondoa mafindofindo kwa upasuaji kupo, lakini ni kwa anayesumbuliwa sana, kwa sababu mtu mzima huugua koo wiki mbili baada yake na huweza kutoka damu. Uamuzi huo ni wa daktari wa masikio, pua na koo. Hapa Mwanza kliniki hiyo ipo Bugando. Ila findo moja likiwa kubwa kuliko mwenzake bila kurudi, au kuna kidonda, au uvimbe shingoni, au kumeza kunauma wiki tatu mfululizo, usikae na chumvi. Nenda.

Tumbo nimeliacha mwisho kwa makusudi. Umio, ile njia ya chakula kutoka kooni kwenda tumboni, si bomba la wazi. Ni kama mpira wa ndani wa baiskeli usio na upepo. Kuta zake zimelaliana, zinafunguka chakula kikipita tu. Chini yake kuna lango la misuli linalofungwa. Kwa hiyo harufu ya tumboni haiwezi kukaa ikipanda kutwa nzima kila unapozungumza. Inapanda ukicheua. Mtu anayenuka muda wote, saa zote, tumbo lake lina uwezekano mdogo sana wa kuwa mshitakiwa, na hakuna unga wa stendi unaofika kwenye mfuko wa gego. Minyoo ya tumboni nayo inakaa kwenye utumbo, chini zaidi ya tumbo. Mtibu mtoto minyoo kwa sababu ana minyoo, si kwa sababu ananuka mdomo.

Lakini lango lile likilegea, habari inabadilika. Tindikali ya tumboni na chakula nusu kilichosagwa hurudi juu mpaka kooni. Wiki ileile ya mama wa dagaa nilimwona dereva wa hiace ya Igoma. Fizi zake zilikuwa 2 na 3, koo safi, ulimi wa kawaida. Harufu yake haikuwa ya yai viza. Ilikuwa ya uchachu, kama togwa lililozidi, nayo ilikuja na kuondoka. Nilichokiona ni meno ya mbele ya juu, upande wa ndani, ule unaotazama ulimi. Yalikuwa yameliwa, laini yanang'aa, yamebonyea kama sabuni iliyotumika, na mbele hayana kasoro. Hakuna mswaki unaokula jino kwa ndani hivyo. Ni tindikali, inayopanda usiku amelala.

Nikamuuliza anakula saa ngapi. Anapaki gari saa nne usiku, anakula ugali na nyama mpaka ashibe, saa nne na nusu yuko kitandani. Asubuhi anaamka na sauti nzito na ladha chungu. Akiinama kuangalia tairi, kinapanda. Kiungulia anacho, anakituliza kwa kutafuna magnesiamu ya duka la dawa, na hakuwahi kukihusisha na kinywa.

Nilimtuma kwa daktari wa tumbo na maelekezo machache ya kuanzia. Mlo mkubwa auhamishie jioni mapema, au upite muda wa saa tatu kati ya kula na kulala. Kichwa cha kitanda kiinuliwe kwa matofali, sentimita 15 hadi 20 hivi, miguu ya kitanda ya upande wa kichwa tu. Kurundika mito hakufai, kunakunja tumbo na kulikamua zaidi. Ladha chungu ikipanda, asukutue kwa maji na asipige mswaki mpaka nusu saa ipite, kwani jino lililolowa tindikali ni laini na mswaki unalikwangua. Daktari alimwandikia omeprazoli ya kumeza nusu saa kabla ya kifungua kinywa, kwa wiki kadhaa. Hilo la nusu saa kabla ya kula linasahaulika sana, na dawa ikimezwa baada ya kushiba nguvu yake inapungua. Mwenye shida ya kumeza, anayekonda bila sababu, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami, yeye habaki na vidonge wala matofali. Huyo anahitaji kuingizwa kamera tumboni haraka.

Kwa hiyo vidonge vilevile vilivyomfaa dereva vilikuwa havimfai mama wa dagaa. Yeye hakuwa na kiungulia, hacheui, meno yake kwa ndani yalikuwa mazima, na harufu yake haikuwahi kuondoka isipokuwa alipokunywa dawa ya kuhara.

Alirudi baada ya wiki nane. Kanga ilikuwa begani. Tukapima upya: magego ya kulia yameshuka kutoka 6 kwenda 4 na 3, damu sehemu moja tu. Gego la chini kushoto bado lina 5, kwa sababu mizizi yake inagawanyika hapo na chombo hakiingii vizuri katikati. Nikalikwangua tena na kumpangia miezi mitatu. Findo la kushoto bado linatengeneza kijiwe, kama mara moja kwa wiki mbili, hasa siku akila karanga. Sasa anakitambua kinapoanza kukuna, anasukutua, kinatoka. Bado hajaamua kama anataka kuonana na daktari wa koo.

Nikamuuliza kuhusu ukuta. Akacheka, akasema mume wake sasa anageuka upande wake, na tangu ageuke amegundua kwamba na yeye ananuka. Nimempangia Jumanne.